Swichi za vipengele, ruhusa na haki za kifurushi: je, tulikosea kuviweka pamoja?

mjenzi_wa_jioni

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu kuhusu mpangilio ambao tuliuona mwepesi mwanzoni na sasa umetukaba shingo.

Programu yetu hulipiwa kila mwezi na hutumiwa na mashirika, na kila shirika lina watu wake ndani. Tulianza na majukumu manne: Mmiliki, Msimamizi, Mhariri na Msomaji. Baadaye vifurushi vikawa vitatu, na kwa kuwa jedwali la majukumu lilikuwapo tayari na halikuwa na matatizo, tukaamua kuongeza majukumu humo humo: Mhariri_Msingi, Mhariri_Kati, Mhariri_Juu, na mengine kwa mtindo huo, mpaka yakafika 12. Juu ya hayo, tulipotengeneza ripoti za ratiba, yaani ripoti inayojituma yenyewe kwa barua pepe kila asubuhi, tuliitoa kwa swichi ya kipengele, yaani kiwashio ndani ya msimbo kinachofungua kipengele kwa mashirika yaliyochaguliwa tu, iitwayo `ripoti_ratiba`, na swichi hiyo haikuondolewa kamwe. Shirika likinunua kifurushi cha juu, mtu wa mauzo huingia kwenye ukurasa wa swichi na kuongeza namba ya shirika hilo kwa mkono.

Mwezi uliopita shirika moja lenye watumiaji 38 lilishuka kutoka kifurushi cha juu hadi cha kati. Skripti ya usiku ikapita kama kawaida: kila jukumu la _Juu likageuzwa kuwa la _Kati, na wale waliokuwa Wakaguzi, jukumu ambalo halimo katika kifurushi cha kati, wakafanywa Wasomaji. Siku tano baadaye shirika hilo likapandisha kifurushi tena. Skripti ikarudisha _Kati kuwa _Juu bila shida, lakini haikuwa na njia yoyote ya kujua ni Msomaji yupi alikuwa Mkaguzi wiki iliyopita na ni yupi alikuwa Msomaji tangu siku ya kwanza. Watu 9 wakabaki wamepoteza kazi yao ndani ya mfumo, nasi tukalazimika kuchambua nakala rudufu ya hifadhidata mstari kwa mstari.

Mwenzangu anasema kosa ni la skripti, kwamba ingeandika kumbukumbu ya jukumu la zamani kabla ya kulibadilisha. Mimi nahisi kosa liko chini zaidi. Je, ninyi mnalionaje?

simu_janja88

Ndugu, mimi naona watumiaji wenyewe ndio wanaopaswa kuulizwa. Programu ikihitaji ruhusa iombe pale pale inapohitajika, si wakati wa kusakinisha, na mtumiaji akikataa mara mbili basi usimwombe tena bali umwelekeze kwenye mipangilio ya simu yake.

mjenzi_wa_jioni

Nashukuru kwa mchango wako, ndugu, ila unazungumzia ruhusa za kamera na mahali katika simu. Mimi nauliza kuhusu nani ndani ya shirika anaweza kufanya nini katika mfumo, na jambo hilo linavyogongana na kifurushi walicholipia.

kipanga_njia

Mkuu, mimi nitakwambia tulivyofanya sisi, na tumekwenda hivyo kwa miaka miwili bila kilio. Futa majukumu yote ya _Juu na _Kati, rudi kwenye manne ya mwanzo, kisha kila kitu cha kifurushi ukiweke kwenye huduma ya swichi. Huduma hizi zina uwezo wa kupokea sifa za shirika na kuamua kwa kanuni, kwa hiyo huna haja ya mtu wa mauzo kuongeza namba kwa mkono. Unaandika kanuni moja tu: sifa `kifurushi` ikiwa ni `juu`, swichi iwashwe. Shirika likishuka, sifa inabadilika na swichi inazima papo hapo, wala hakuna jukumu la mtu lililoguswa. Hata katika uainishaji wa swichi unaojulikana sana, ule wenye aina nne, aina mojawapo ni swichi za ruhusa kwa ajili ya wateja wa kulipia. Kwa hiyo si uchawi wetu, ni matumizi yanayokubalika.

mama_seva

Kipanga_njia ana nusu ya jibu, na ni nusu nzuri: kuondoa vifurushi katika majina ya majukumu. Hilo mjenzi alifanye hata kama hatafanya lingine lolote. Uainishaji anaoutaja nao ni wa kweli, ila unaeleza pia kwamba swichi ya aina hiyo huishi miaka, ilhali swichi ya kutolea kipengele kipya huishi siku au wiki chache. Mimi ninaanzia hapo hapo. Kitu kinachozaliwa ili kife na kitu kinachozaliwa ili kidumu havipaswi kulala kitanda kimoja, kwa sababu siku ya kufagia utafagia visivyofagiliwa, au utaogopa kufagia kabisa.

Kuogopa kufagia nako kuna bei yake. Kampuni ya Knight Capital, tarehe 1 Agosti 2012, ilipeleka msimbo mpya wa biashara ya hisa kwenye seva 7 kati ya 8. Msimbo huo ulitumia upya swichi ya zamani iliyokuwa ikiwasha kazi iliyoachwa kutumika tangu 2003, lakini ambayo haikuwahi kufutwa. Seva ya nane ilipoona swichi imewashwa, ikaiamsha kazi ile iliyokufa. Ndani ya dakika 45 hivi hasara ikapita dola milioni 460. Sisemi kwamba ripoti za ratiba zitamfilisi mtu. Ninachosema ni kwamba swichi inayobaki inabaki na maana yake ya zamani, na yeyote anayekuja baadaye anaweza kuipa maana nyingine.

Sasa nirudi kwa mjenzi. Ombi moja la mtu kubonyeza kitufe cha "Panga ripoti" lina maswali matatu ndani yake, na kila swali linamhusu mhusika tofauti. Je, msimbo huu umekwisha kutolewa? Swali hilo ni la wahandisi wenyewe. Je, shirika hili limelipia? Hilo linalihusu shirika, na jibu lake linatokana na malipo au mkataba. Je, mtu huyu ameruhusiwa na shirika lake? Hilo linamhusu mtu ndani ya shirika, na anayelijibu ni msimamizi wa shirika lile, si ninyi. Skripti yenu ilichukua mabadiliko ya swali la pili ikayaandika juu ya jibu la swali la tatu. Uamuzi wa nani awe Mkaguzi ulikuwa mali ya mteja wenu, aliufanya kwa mkono wake, nanyi mkaufuta kwa sababu ya ankara. Kwa hiyo mwenzako akiongeza kumbukumbu ya jukumu la zamani, atakuwa anatengeneza njia ya kurudisha kitu ambacho hakikupaswa kuondolewa.

Haki ya kifurushi inatakiwa ifunike jukumu bila kuliandika upya. Mkaguzi anabaki Mkaguzi katika jedwali. Kifurushi kikishuka, ukurasa wa ukaguzi haufunguki kwake kwa sababu shirika halina haki hiyo, na kifurushi kikipanda unafunguka bila mtu yeyote kugusa chochote.

mjenzi_wa_jioni

Mama, hapo kwenye kufunika umenifungua macho. Je, msimbo wenyewe ungeonekanaje? Na je, hiyo haki ya shirika inakaa wapi kama si kwenye huduma ya swichi?

mama_seva

Ninaandika kwa ufupi, ukaurekebishe kwa lugha mnayotumia:

```
def hali_ya_kupanga(mtu, shirika):
    if not swichi("ratiba_toleo_jipya", shirika.id):
        return "HAIPO"
    if not haki(shirika.id, "ripoti.ratiba"):
        return "KIFURUSHI"
    if not ruhusa(mtu.id, shirika.id, "ripoti.ratiba.unda"):
        return "JUKUMU"
    return "SAWA"
```

Mstari wa swichi utaufuta baada ya toleo kutulia. Miwili inayofuata itabaki maisha yote ya programu. Angalia pia kwamba hakuna mahali msimbo unapouliza jina la kifurushi. Ukiandika `kifurushi == "juu"` katika sehemu 40 za programu, siku mauzo watakapobuni kifurushi cha nne, au watakapohamisha ripoti za ratiba kwenda kifurushi cha kati kwa wateja wapya tu, utazitafuta sehemu zote hizo na utaikosa moja. Msimbo uulize haki, na jedwali ndilo lijue haki hiyo imetoka wapi:

```
shirika | haki              | thamani | chanzo    | hadi
412     | ripoti.ratiba     | ndiyo   | kifurushi | 2025-03-31
412     | watumiaji.kikomo  | 10      | kifurushi | 2025-03-31
977     | ripoti.ratiba     | ndiyo   | mkataba   | 2025-12-31
```

Shirika 977 liko kwenye kifurushi cha kati, lakini mtu wa mauzo aliwaahidi ripoti za ratiba kwa mwaka mmoja. Kwenu sasa hivi ahadi ya namna hiyo ni namba iliyochomekwa kwenye ukurasa wa swichi, haina tarehe wala jina la aliyeahidi. Hapa ina chanzo na ina mwisho. Jedwali hili likae katika hifadhidata yenu wenyewe, karibu na mashirika.

kipanga_njia

Heshima yako, mama, lakini hapo umeongeza jedwali ambalo huduma ya swichi tayari inalo. Tofauti ni jina tu. Nami naona ubora wa huduma ile: kila badiliko linaandikwa, kuna ukurasa wa kutazama, na sihitaji kujenga chochote.

mama_seva

Tofauti utaiona siku huduma ya swichi isipofikika. Kila unapouliza swichi unapeleka pia jibu la akiba, yaani jibu litakalotumika mtandao ukikatika. Kwa msimbo mpya ambao haujaaminika, jibu la akiba la busara ni kuzima. Ukizima haki, wateja waliolipa wanakosa walichokilipia, wote kwa pamoja, na simu zinaanza kuita. Ukiweka akiba ya kuwasha, kila shirika linapata kila kitu bure mpaka mtandao urudi, na pengine ile sehemu mpya yenye hitilafu nayo imewaka. Hakuna jibu moja la akiba linalofaa kwa maswali yote mawili. Haki iliyo katika hifadhidata yako haina tatizo hilo, kwa sababu hifadhidata ikianguka programu nzima imeanguka nayo, na hakuna anayebonyeza kitufe chochote.

kipanga_njia

Hilo la akiba nalikubali. Sisi tuliweka kuwasha, na kweli hatukuwahi kupima kinachotokea. Hata hivyo bado nina neno kuhusu kasi. Kuuliza hifadhidata mara mbili kwa kila ombi ni gharama. Sisi huweka kifurushi na majukumu ndani ya tokeni mtu anapoingia, na tokeni ikiishi dakika 60 seva haiulizi mtu yeyote chochote.

nahodha_wa_data

Samahani kwa kuingilia kati, lakini hilo la tokeni ninalo kovu lake. Tulikuwa na mkaguzi wa nje aliyehudumia mashirika mawili, la kwanza likiwa na kifurushi cha juu na la pili likiwa na cha msingi. Aliingia kupitia la kwanza, tokeni ikaandikwa `kifurushi: juu`, kisha akabadilisha shirika kwa kile kitufe cha juu ya skrini bila kutoka. Tokeni haikubadilika. Akawa anatumia vipengele vya kifurushi cha juu ndani ya shirika la msingi, na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu alituandikia kutuuliza kwa nini wenzake wa shirika lile hawaoni vitufe anavyoviona yeye. Tuligundua kwamba tulikuwa tumeifanya haki kuwa ya mtu, na mtu hakulipa chochote. Shirika ndilo lililolipa.

Jingine linaihusu moja kwa moja hoja ya mjenzi, kwa sababu nasi tuna ripoti zinazojituma. Tulikagua haki kwenye kitufe cha kuunda ratiba, tukaona tumemaliza. Shirika likashuka kifurushi, kitufe kikapotea, na ripoti zikaendelea kutoka kila asubuhi kwa wiki tatu, kwani ratiba zilizokwisha kuundwa zilikuwa zinaendeshwa na kazi ya usuli ambayo haikuwa na habari ya kifurushi wala jukumu. Hatukujua mpaka mteja mwenyewe alipolalamika, tena hakulalamika kwamba anapewa bure: alilalamika kwamba hana kitufe cha kuzizima.

mama_seva

Nahodha, mfano wako wa ripoti ndio bora katika uzi huu mpaka sasa. Mjenzi, usiupite haraka. Ukaguzi wa haki unapaswa kufanyika mahali kazi inapotendeka, na kazi ya ripoti hutendeka mara mbili: ratiba inapoundwa, na tena kila asubuhi ripoti inapotoka. Skrini huficha kitufe kwa adabu tu. Kazi ya asubuhi inapoamka iulize `haki(412, "ripoti.ratiba")`, na ikikuta hapana, isiifute ratiba. Iweke hali ya kusimamishwa na sababu yake. Shirika likipandisha kifurushi, ratiba zinaendelea zilivyokuwa.

Kwa upande wa jukumu kuna swali gumu zaidi, na watu huamua tofauti. Ratiba iliundwa na mtu aliyekuwa Mhariri. Leo ameondoka katika shirika. Je, ripoti iendelee kutoka? Mimi huihesabu ratiba kuwa mali ya shirika, kwa hiyo inaendelea, ila msimamizi anaonyeshwa kwamba aliyeiunda hayupo tena. Wengine huisimamisha mara moja, hasa pale ripoti inapokuwa na data nyeti na inatumwa kwa anwani ya nje. Siwezi kuwaambia wamekosea.

Kipanga_njia, kuhusu kasi: majukumu unaweza kuyaweka kwenye tokeni ukijua unakubali kuchelewa kwa dakika 60, ijapokuwa mtu aliyefukuzwa kazi saa tatu asubuhi na bado anasoma ripoti saa tatu na nusu si jambo dogo. Haki za shirika ni mistari michache inayotafutwa kwa namba ya shirika. Weka keshi ya sekunde 60 ndani ya seva, ifutwe haki zinapobadilika, na hutaisikia gharama hiyo kabisa.

dawati_la_wateja

Mimi si mhandisi, ninapokea malalamiko, na ningependa wahandisi wajue mambo haya yanavyoonekana kutoka kiti changu.

Mfumo wetu ulikuwa unarudisha 403 kwa kila kitu. Mhariri akigonga kipengele ambacho shirika halijalipia, anaambiwa "Huna ruhusa." Anamwendea msimamizi wake, msimamizi anamwongezea jukumu, bado hapana. Anampa usimamizi kamili, bado hapana. Ndipo wananipigia, na wakati huo kuna mtu mmoja zaidi mwenye usimamizi kamili ambaye hakuna atakayekumbuka kumwondolea. Ujumbe mmoja wenye maneno mawili yasiyo sahihi ndio uliozalisha hilo. Tulipotenganisha sababu, kwamba hili halimo katika kifurushi chenu na lile ni suala la jukumu lako, simu za aina hiyo zilipungua mno.

Tukio la pili ndilo lililonifanya niandike. Kadi ya mteja ilikataliwa na benki. Mfumo ukaondoa haki zote za shirika papo hapo. Mmiliki akaingia ili aweke kadi nyingine, na ukurasa wa malipo ukamwambia usajili wake si hai. Ukurasa wa kulipia ulikuwa umefungwa kwa sababu hajalipa! Nilipokea malipo yale kwa njia ya mzunguko, nikiwa na mhandisi kwenye simu saa mbili usiku.

mama_seva

Hilo nimeliona zaidi ya mara moja, ndugu. Ukurasa wa malipo, kupakua data ya shirika na kuondoa watumiaji ni vitendo vinavyokaguliwa kwa jukumu peke yake. Visiwekewe haki ya kifurushi hata kidogo.

Kuhusu namba, watu wengi hupendelea 402 kwa suala la malipo kwa sababu jina lake linapendeza, lakini katika kanuni za itifaki namba hiyo bado imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Haikatazwi, ila usitegemee programu za wengine ziielewe. Mimi hurudisha 403 na ndani ya jibu naweka sababu inayosomeka na mashine, `KIFURUSHI` au `JUKUMU`, na skrini ndiyo inayochagua maneno.

mjenzi_wa_jioni

Kuna kipengee kinanisumbua katika msimbo uliouandika, mama. Umekagua kifurushi kabla ya jukumu. Msomaji wa kawaida ambaye hana jukumu na shirika lake halijalipia ataambiwa kifurushi hakitoshi, wakati yeye hana uwezo wa kununua chochote.

mama_seva

Umenishika vizuri. Kwa usalama mpangilio haujalishi, kwa kuwa yote mawili lazima yakubali. Kwa ujumbe unajalisha. Njia moja ni kukusanya sababu zote badala ya kurudi kwenye ya kwanza, kisha skrini imwonyeshe tangazo la kupandisha kifurushi yule tu mwenye ruhusa ya malipo. Ninakubali kwamba kwa mfano wangu ningeishia kumtangazia mtu asiye na mkoba.

dawati_la_wateja

Mauzo wetu wangekataa. Wao wanataka kila Msomaji aione, akamsumbue bosi wake.

hesabu_kali

Nimesoma yote na naona mmekwepa sehemu yenye namba. Haki ya ndiyo au hapana ni rahisi. Shirika 412 lina kikomo cha watumiaji 10. Tuseme kabla ya hapo kikomo kilikuwa 25 na walikuwa na watu 14. Wameshuka. Wanne wamezidi. Mnafunika vipi hapo? Huwezi kufunika watu wanne bila kuchagua ni wanne gani.

Tena kuna suala la mbio. Wasimamizi wawili wakialika mtu kwa wakati mmoja huku watu wakiwa 9, kila ombi linahesabu 9, kila moja linaona nafasi ipo, na mnaishia 11. Mimi hufunga mstari wa shirika katika hifadhidata kabla ya kuhesabu, kisha naongeza, kisha naachia. Kuhesabu kwanza na kuongeza baadaye bila kufuli ni kujidanganya.

mama_seva

La mbio uko sahihi, sina la kuongeza. Ila mialiko ambayo haijakubaliwa nayo ihesabiwe, la sivyo kufuli halitasaidia.

La wanne waliozidi halina jibu safi. Nimeona njia tatu zikitumika. Ya kwanza, wote 14 wanaendelea lakini hakuna mwaliko mpya mpaka wapungue chini ya 10. Ya pili, msimamizi anapewa siku kadhaa achague, na asipochagua mfumo unawasimamisha wale ambao hawajaingia kwa muda mrefu. Ya tatu, mfumo unakataa kushusha kifurushi mpaka wapunguze kwanza. Mimi huanza na ya kwanza, kwa sababu haimwondoi mtu kazini bila uamuzi wa mwenye shirika.

hesabu_kali

Na mimi ningechagua ya tatu, kwa sababu ya kwanza ni mlango wa ujanja: nunua kifurushi kikubwa mwezi mmoja, jaza watu 25, shuka, na uendelee na watu 25 kwa bei ya 10. Nimeuona ukifanywa.

mama_seva

Nami nimeona ya tatu ikimzuia mteja kupunguza gharama mpaka akaghairi usajili wote. Tukubali kutofautiana.

kipanga_njia

Niulize la mwisho. Haki zikikaa kwetu, na malipo yakiwa kwa mtoa huduma mwingine, zitalingana vipi? Mteja akighairi kule, jedwali letu halijui.

mama_seva

Mtoa huduma hutuma taarifa kila jambo linapotokea. Kosa la kawaida ni kuziamini taarifa hizo kana kwamba zinafika kwa mpangilio. Stripe, kwa mfano, wanasema wazi kwamba hawahakikishi taarifa zitafika kwa mfuatano zilivyotokea, na taarifa ile ile inaweza kufika zaidi ya mara moja. Mteja akishuka saa nne na dakika moja kisha akabadili mawazo saa nne na dakika mbili, taarifa ya kupanda inaweza kutangulia, ya kushuka ikaja nyuma yake, na jedwali lako likabaki na haki za chini kwa mteja aliyelipa za juu. Kwa hiyo taarifa uichukulie kama hodi ya mlangoni tu. Ukibishiwa, nenda ukasome hali ya usajili ilivyo sasa kwa mtoa huduma, ukokotoe haki zote za shirika upya, uziandike kwa pamoja. Na mara moja kwa siku kazi ya usuli ipite mashirika yote ifanye hivyo hivyo, kwa ajili ya hodi zilizopotea.

Malipo yaliyochelewa nayo yasichanganywe na usajili uliokwisha. Hali ya `past_due` na ya `canceled` ni vitu viwili. Katika ya kwanza mimi huacha haki zilivyo kwa siku ambazo biashara imeamua. Siku ngapi, hilo si la mhandisi.

mjenzi_wa_jioni

Narudi baada ya wiki tano kueleza tulipofika, kwa kuwa mlinipa muda wenu.

Hatukubadilisha kila kitu kwa mkupuo. Tulijaza jedwali la haki kutokana na usajili wa sasa, kisha kwa wiki mbili programu ikawa inauliza njia zote mbili, ya zamani na mpya, ikimtii ya zamani na kuandika kumbukumbu pale majibu yanapotofautiana. Tulitarajia tofauti chache. Zilitokea kwenye mashirika 47. Katika 44, swichi ilikuwa imewashwa kwa mkono na shirika halipo tena kwenye kifurushi cha juu, mengine tangu mwaka juzi. Katika matatu yaliyobaki, shirika lilikuwa linalipia kifurushi cha juu na hakuna aliyekumbuka kuongeza namba yao. Walikuwa wanalipia ripoti ambayo hawajawahi kuiona. Hao watatu tumewarudishia tofauti ya malipo.

Majukumu sasa ni matano, manne ya mwanzo pamoja na Mkaguzi, na ile skripti ya usiku tumeifuta. Swichi ya `ripoti_ratiba` nayo imefutwa, na jina hilo tumekubaliana lisitumike tena kwa swichi nyingine. Kazi ya asubuhi inauliza haki kabla ya kutuma. Siku ya kwanza ilisimamisha ratiba 19.

Tulichokwama nacho ni hayo mashirika 44. Mauzo wanasema tusiwanyang'anye kitu walichokizoea. Wa fedha anasema tunagawa bure.

mama_seva

Waandikieni haki yenye chanzo `mkataba`, yenye jina la aliyeidhinisha, na safu ya `hadi` isiachwe tupu. Mauzo na fedha wabishane kuhusu tarehe.

mjenzi_wa_jioni

Wameanza kubishana tayari. Mauzo wametaja Desemba, fedha wametaja mwisho wa mwezi huu.